Mteja anakuja na skrinshoti, ripoti inasema "Direct": nitajuaje mauzo yalianzia wapi?

MashukaNakuru

Ndugu zangu wafanyabiashara, hamjambo. Nina duka la mashuka, duveti na mapazia hapa Nakuru mjini. Sehemu kubwa ya oda zangu huingia kwa WhatsApp, kisha vifurushi husafirishwa kwa matatu hadi Kericho, Kisumu na Kakamega. Kila mwezi ninalipia matangazo ya Instagram na Facebook shilingi 18,000, na nina tovuti ndogo ambayo mpwa wangu aliiunganisha na Google Analytics.

Shida yangu ni kwamba ripoti hazikubaliani na ninayoyaona dukani. Mwezi uliopita ripoti ilionyesha kwamba matangazo yaliniletea oda 9 tu, na wageni wengi wa tovuti waliwekwa chini ya neno "Direct", maana yake haijulikani walikotoka. Nilipokaa usiku mmoja na kupitia mazungumzo yote ya WhatsApp, nilihesabu oda 140, na kati ya hizo 81 zilianza kwa mteja kunitumia skrinshoti na kuuliza kama bidhaa hiyo ipo.

Nitoe mfano wa jana. Mama mmoja alinitumia picha ya shuka langu la bluu lenye maua. Juu ya skrini saa ilisomeka 9:47, betri ilikuwa imebaki asilimia 12, na jina lililoonekana lilikuwa la kikundi cha wazazi wa shule. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika, "Hizi ni nzuri, mimi nilinunua mbili." Mimi si mwanachama wa kikundi hicho na sijui ni nani aliyeipeleka picha huko. Mama alilipa, kifurushi kikaondoka asubuhi, na katika ripoti yoyote niliyo nayo mauzo hayo hayaonekani kabisa.

Mume wangu anashauri tusitishe matangazo kwa sababu hayaleti kitu. Mimi ninahofu kwamba huenda ndiyo yanayozaa skrinshoti hizi. Ninawezaje kujua kabla ya kukata fedha hizo?

LinkiSahihi

Dada, jibu ni rahisi kuliko unavyodhani. Usiweke linki tupu mahali popote. Kila linki iwe na lebo yake ya `utm_source`, moja ya Instagram, nyingine ya Facebook, nyingine ya stetasi yako ya WhatsApp. Linki isiyo na lebo ikibonyezwa ndani ya WhatsApp, kwa kawaida tovuti haiambiwi mgeni ametoka wapi, ndiyo maana anahesabiwa kuwa "Direct". Ukiweka lebo, tatizo litakwisha. Wale wanaokuja moja kwa moja kwenye WhatsApp, wape linki ya aina hii, ambayo humfungulia mteja mazungumzo yakiwa na maneno tayari:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Nataka%20shuka%20la%20bluu
```

KukuKakamega

Mimi pia ninakabiliwa na jambo hili na ningependa kusaidiwa. Ninauza vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, na bango langu huzunguka katika makundi ya wafugaji kuanzia Butere hadi Kitale. Ninataka programu itakayonionyesha ni mwanachama yupi wa kikundi anayesambaza bango, ili nimpe shukrani, na pia nipate namba za wote walioliona ili niwapigie simu. Je, kuna anayeifahamu?

MhasibuKisumu

Dada wa Nakuru, kwa miaka kadhaa nilishughulikia mauzo ya duka la viatu hapa Kisumu, na tatizo lako tulilibeba karibu mwaka mzima kabla ya kulielewa. Nitaanza na ushauri wa LinkiSahihi, kwa sababu ni mzuri kwa jambo moja na haufai kwa lile uliloliuliza.

Skrinshoti haibebi linki. Inabeba kile tu ambacho jicho limekiona. Mteja aliyekuja na picha ya shuka lako hakubonyeza chochote, kwa hiyo hata ungeweka lebo katika linki zako zote, yeye asingeacha alama. Isitoshe, linki yenye lebo inapotumwa mbele husafiri na lebo yake. Mtu akiinakili kutoka Instagram na kuibandika katika kikundi cha kanisa, watu 20 watakaoibonyeza huko wataandikwa kuwa wametoka Instagram. Lebo hiyo haikudanganyi ukiisoma inavyopaswa kusomwa: inakuambia linki ilizaliwa wapi, wala haisemi mteja aliikuta wapi.

Sisi tulifikia uamuzi kwamba alama lazima ikae ndani ya picha yenyewe. Kiatu kimoja tulikipa namba tatu za bidhaa. Picha iliyolipiwa tangazo iliandikwa "Kiatu 611", ile ya stetasi yetu "Kiatu 347", na ile tuliyoipeleka katika kikundi cha chama cha mke wangu "Kiatu 582". Kiatu ni kilekile, na bei ni ileile. Orodha ya namba ipi ilitolewa wapi ilikaa katika daftari la dukani tu. Mteja hana sababu ya kuificha namba hiyo wala kuitilia shaka, kwa kuwa kwake ni jina la bidhaa anayoitaka, na mara nyingi huitaja bila kuulizwa.

Mahali pa kuiandika ni pa muhimu sana. Mwanzoni tuliiweka pembeni, chini kulia, na karibu nusu ya skrinshoti zilifika zikiwa zimekatwa pembe. Tulipoihamishia kando ya bei, ilianza kufika, kwa sababu anayemtumia mwenzake picha hutaka bei ionekane.

MashukaNakuru

Ahsante sana, kaka. Nimekuwa nikifikiria kuponi za punguzo, kila kikundi kikipewa neno lake. Je, namba hizi zinazidi kuponi kwa lipi?

LinkiSahihi

Kuponi ndiyo ingekuwa bora zaidi, kwa sababu mteja ana faida ya kuitaja. Namba ya bidhaa haimpi kitu, kwa hiyo wengi watakaa kimya.

MhasibuKisumu

Ni kweli kwamba kuponi hutajwa zaidi, lakini faida hiyohiyo ndiyo inayoiharibu. Tuliwahi kutoa neno la punguzo la shilingi 200 kwa kikundi kimoja cha walimu, na baada ya siku 3 lilikuwa limefika kwa watu wasiohusiana nao kabisa, wengine wakiwa ni wateja wetu wa zamani waliokuwa tayari njiani kununua. Walilisikia dakika ya mwisho, wakaomba punguzo, nasi tukaandika kwamba wameletwa na walimu. Kuponi hupima nani amesikia habari za punguzo. Namba ya bidhaa haina kitu cha kukimbiliwa, kwa hiyo hutembea na picha tu.

Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kutofautisha bei kidogo ili ziwe alama. Watu wa mtaa mmoja watalinganisha, na utajikuta unaeleza kwa nini jirani aliuziwa kwa nafuu.

Sasa nieleze hesabu, maana hapo ndipo tulipojifunza. Katika wiki 4 tulipata oda 96 za kiatu kile. Namba ilionekana katika oda 71. Za tangazo, yaani 611, zilikuwa 38. Za stetasi zilikuwa 9. Za chama zilikuwa 24. Oda 25 zilifika bila namba yoyote. Ripoti ya tangazo ilidai oda 11 tu, yaani wale waliobonyeza. Wengine 27 walikuja na skrinshoti ya picha ileile ya tangazo, waliyotumiwa na dada, na mfanyakazi mwenzao, au waliyoikuta katika kikundi ambacho hatukukijua. Tulikuwa tumelipa shilingi 12,000. Ukigawanya kwa oda 11, kila moja imegharimu karibu shilingi 1,090, na kwa faida ya kiatu kile hiyo ilikuwa hasara. Ukigawanya kwa 38, ni karibu shilingi 316.

Hata hivyo, namba inakuambia picha ilianzia wapi tu. Haisemi ilipitia kwa nani, wala haithibitishi kwamba mteja asingekuja kama tangazo lisingekuwepo.

KukuKakamega

Naona swali langu limerukwa, nami sijafunga safari ya kurudi bure.

MhasibuKisumu

Samahani, ndugu. Programu unayoitafuta haipo, na anayekuambia kwamba anayo anataka fedha zako. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka simu hadi simu, na wewe unaona tu makundi uliyomo. Kuhusu kukusanya namba za watu walioliona bango na kuwapigia bila idhini yao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa jambo hilo, kwa hiyo nakushauri uliache. Hata skrinshoti ambazo wateja wanatutumia mara nyingine zina majina na namba za watu wengine. Sisi tuliandika tulichohitaji katika daftari, kisha tukaifuta picha.

Kwa kuwa unauza bidhaa moja na wateja wako hupiga simu, namba ya bidhaa haitakufaa sana. Jaribu kuweka laini moja ya simu katika bango la makundi na nyingine katika bango la duka la dawa za mifugo. Simu ya laini mbili itakuonyesha ni laini ipi inayoita.

KukuKakamega

Hilo la laini mbili nilikuwa nalo bila kujua. Laini yangu ya zamani ndiyo huita zaidi, lakini wanaopiga ni watu waliohifadhi namba tangu zamani, hata kama bango jipya ndilo lililowakumbusha. Kwa hiyo laini ya zamani itaonekana kufanya kazi daima.

MhasibuKisumu

Umesema kweli, na sina dawa yake. Laini mpya itakufaa kwa kupima wateja wapya tu.

MwalimuBungoma

Nina mambo mawili. La kwanza ni malipo. Kama dada anatumia Paybill, mteja hulazimika kujaza namba ya akaunti, na hapo angeweza kuambiwa aandike namba ya bidhaa. Alama ingeingia moja kwa moja katika taarifa ya M-Pesa bila kumsumbua msaidizi wa duka. Kwa Till jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mteja hujaza namba ya Till na kiasi tu.

La pili ni hili. Mhasibu anatueleza hesabu nzuri, lakini yeye mwenyewe amekiri kwamba hajui kama wale 38 wangenunua bila tangazo. Je, mliwahi kulizima tangazo mkaona kinachotokea?

MhasibuKisumu

Tulilizima, Mwalimu, na mara ya kwanza tulijidanganya. Tulisitisha kwa wiki moja. Tulizoea oda 24 kwa wiki, na wiki hiyo tukapata 22. Mwenye duka akafurahi, akasema tumekuwa tukitupa fedha. Bahati nzuri tulikuwa bado tunaandika namba, na tukaona kwamba viatu vya namba 611 viliendelea kuagizwa ingawa tangazo halikuwa hewani tena. Skrinshoti zilizopigwa wiki zilizotangulia zilikuwa bado zinatembea katika makundi. Tukaongeza muda. Wiki ya pili oda zilikuwa 17, na ya tatu 13, na oda za 611 zilikuwa zimebaki 2 tu. Kwa hiyo anayezima tangazo kwa siku chache na kuhukumu anapima akiba ya picha zilizokwisha kusambaa.

Kuhusu Paybill, tuliijaribu pia. Karibu theluthi moja ya wateja waliandika jina lao au jina la duka badala ya namba ya bidhaa, kwa mazoea ya kulipa karo na umeme. Ni msaada, lakini usiutegemee peke yake. Mwenye Till anaweza kuandika herufi 4 za mwisho za msimbo wa muamala wa M-Pesa kando ya namba ya bidhaa katika daftari, kwa kuwa wateja wengi hutuma ujumbe wa malipo katika mazungumzo yaleyale. Usijaribu kulinganisha kwa namba ya simu ya mlipaji, maana siku hizi biashara huiona ikiwa imefichwa baadhi ya tarakimu, na pia mume anaweza kulipia oda ya mke.

MwalimuBungoma

Nakubali kuhusu akiba ya picha. Lakini oda kushuka kutoka 24 hadi 13 kunaweza kuwa na sababu nyingine. Kama wiki ya kwanza ya kusitisha ilikuwa ya mwisho wa mwezi, mishahara ilikuwa imeingia. Wiki ya tatu watu walikuwa wamekaukiwa. Viatu pia hufuata kufunguliwa kwa shule.

MhasibuKisumu

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mwisho wa mwezi, ni kweli. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba tofauti yote ilitokana na tangazo. Ninachoweza kusema ni kwamba 611 zilikauka huku oda za chama zikibaki 5 au 6 kila wiki kama kawaida, na ukosefu wa fedha ungezigusa zote mbili. Kwa kipimo bora zaidi ningezima tangazo katika mji mmoja tu, kwa mfano Kericho, na kuliacha Kakamega, kisha ningelinganisha vifurushi vinavyokwenda kila mji. Udhaifu wake ni kwamba kikundi cha familia hakijui mipaka ya mji.

Dada, kuna jambo moja nililisahau. Mwelekeze msaidizi wako namna ya kuuliza. Tulipouliza, "Umetujuaje?" wateja walijibu "mtandaoni" au "Facebook", hata waliotumiwa na mama zao. Tulipouliza, "Picha hii umetumiwa na nani, au uliikuta wapi?" mteja akiwa bado ana picha mkononi, tulipata majibu ya kweli: mpangaji mwenzangu, kikundi cha kwaya, stetasi ya shangazi. Ulizeni kabla ya kutaja gharama ya usafiri. Baada ya kulipa, mtu hataki tena mazungumzo.

MashukaNakuru

Ndugu zangu, nimerejea baada ya wiki 5, kwa sababu niliona si vyema kuchukua ushauri wenu na kunyamaza. Nilichagua mashuka 4 yanayouzwa sana, na kila moja nikalipatia namba tatu: ya tangazo, ya stetasi na ya kikundi cha akina mama wa kanisani kwetu, ambacho nilikiomba ruhusa. Namba nimeziandika kando ya bei kwa herufi nene.

Nimepata oda 152 za mashuka hayo. Namba imeonekana katika oda 97: za tangazo ni 51, za kanisani ni 32, na za stetasi ni 14. Ripoti ya matangazo kwa muda huohuo inaonyesha oda 13. Mume wangu ameikagua hesabu mara mbili na sasa tumekubaliana kuyaacha matangazo yaendelee kwa miezi miwili mingine, kisha tutajaribu kuyazima Kericho peke yake.

Zilizobaki 55 ndizo zinazonisumbua. Oda 31 ni za wateja wa zamani walioandika tu "nitumie kama lile la mwaka jana", na hao sijui niwaweke wapi. Oda 14 zilikuja kwa simu, bila picha. Lakini 10 zilikuja na picha zangu zikiwa zimebadilishwa. Mtu wa Kericho anayeuza kwa kuagiza kutoka kwangu amefunika bei na namba kwa kibandiko cha rangi ya pinki, akaandika bei yake, iliyozidi yangu kwa shilingi 300. Wateja waliitambua meza ya duka langu, wakanitafuta moja kwa moja. Sina ugomvi naye, kwa kuwa ananunua mashuka 20 kwa mwezi, lakini picha zake zimenifuta alama.

PichaBusia

Dada, mimi ni mpiga picha wa bidhaa na nimekuwa nikisoma uzi huu kimya. Maandishi yanafunikwa kwa sababu yameletwa juu ya picha. Weka alama katika kile kinachopigwa picha. Tandika shuka lilelile mara tatu: moja uliwekee mto wa njano katikati, jingine mto wa kijani, na la tatu mito miwili myeupe. Anayeuza tena hawezi kuufunika mto wa katikati bila kulifunika shuka analoliuza. Kuwa mwangalifu na mwanga tu: piga zote asubuhi ileile dirishani, la sivyo picha moja itapendeza kuliko nyingine na utadhani ni kikundi kilichouza vizuri, kumbe ni jua.

MhasibuKisumu

Hili sikulifikiria, na lingetusaidia sana kwa viatu. Ninaongeza tahadhari moja: hakikisha mito hiyo haiuzwi dukani kwako, maana utaanza kupokea oda za mto wa njano.

MwalimuBungoma

Na wale 31 wa zamani? Kama mmoja wao aliona picha ya tangazo katika kikundi, akakumbuka shuka la mwaka jana, ndipo akakuandikia, ni mauzo ya nani?

MashukaNakuru

Mwalimu, hata mimi sijui. Nilimuuliza mmoja wao, akasema hakuona picha yoyote. Kisha jioni akanitumia skrinshoti ya shuka 208 akiuliza kama lina foronya zinazolingana. Nimemwandika katika safu zote mbili za daftari kwa kalamu ya risasi. Nimeshanunua kitambaa cha mito, na Jumamosi asubuhi tutapiga picha upya.